Kibarua cha Sikukuu: Tuandike Tarehe Kabla ya Kushika Kazi



Kila mwaka, Desemba ikiingia, maduka ya Kilosa mjini na ya Mikumi hujaa watu. Wazazi hununua nguo na viatu vya Krismasi. Mwaka Mpya hufuata. Halafu shule hukaribia kufunguliwa, na watu hutafuta sare, daftari na mikoba. Pale Mikumi, penye barabara kuu iendayo Iringa na Mbeya, kuna wasafiri pia. Mabasi husimama, na watu hushuka kununua vitu vya kupeleka nyumbani.

Wakati huo mwenye duka mwenye wauzaji wawili huona hawatoshi. Huwaita wengine wawili au watatu wa kusaidia kwa muda mfupi. Kazi kama hiyo huja tena wakati wa Idi. Watu wengi wa vijijini, kama Ulaya, Kilangali na Kimamba, huipata kwa njia ya jamaa. Mjomba ana duka, au rafiki wa shangazi anatafuta msichana wa kuuza. Neno hupita kwa mdomo: "Njoo, kuna kazi mpaka sikukuu iishe. Nitakupa elfu tisa kwa siku."

Maneno hayo ni mazuri kusikia, lakini hayatoshi. Maoni yangu ni haya: mtu asishike kazi ya duka ya sikukuu mpaka tarehe, saa na malipo yameandikwa kwenye karatasi, hata kama mwenye duka ni ndugu yake. Nitaeleza kwa nini.

Malipo ya siku siyo yanayoleta ugomvi

Watu wakizungumza juu ya kibarua, huuliza kwanza, "Analipa shilingi ngapi kwa siku?" Ni swali la maana. Lakini ugomvi wa kazi za sikukuu mara chache hutokea juu ya bei ya siku. Bei ya siku kila mtu huikumbuka. Ugomvi hutokea juu ya idadi ya siku, juu ya saa za ziada, na juu ya mali iliyopotea.

Tazama maneno "mpaka sikukuu iishe". Sikukuu ipi? Mwuzaji anafikiri ni mpaka Mwaka Mpya. Mwenye duka anafikiri ni mpaka Krismasi tu, kwa sababu baada ya hapo wateja watapungua. Au kinyume chake: mwuzaji anataka kurudi kijijini tarehe 28 akapande mahindi, na mwenye duka anamtaka mpaka shule zifunguliwe. Wote wawili ni wakweli. Hawakuandika tu.

Kwa Idi shida hii ni kubwa zaidi. Mwezi wa Ramadhani huwa na siku 29 au 30, kwa kufuata mwandamo wa mwezi. Kwa hiyo "mpaka Idi" ina siku moja isiyojulikana. Heri kuandika tarehe kamili, na kuongeza maneno haya: "Mwezi usipoandama, kazi itaendelea siku moja zaidi kwa malipo yale yale."

Hesabu ya siku na fedha

Sasa tuchukue mfano, tufanye hesabu pamoja. Chukua penseli na karatasi.

Tuseme dada mmoja ameitwa kuuza nguo katika duka la Kilosa. Wamepatana afanye kazi kuanzia tarehe 10 Desemba hadi tarehe 31 Desemba. Malipo ni sh. 9,000/= kwa siku. Duka hufunguliwa saa 2 asubuhi, na yeye hutoka saa 10 na nusu jioni. Mchana anapumzika saa moja. Jumapili hafanyi kazi. Siku ya Krismasi, tarehe 25, duka limefungwa. Mwaka huo tarehe 10 ni Alhamisi.

Je, atafanya kazi siku ngapi?

Wengi watatoa 10 katika 31, wapate 21. Hapo ndipo siku ya kwanza inapopotea. Hesabu kwa vidole: kutoka tarehe 10 hadi tarehe 12 ni siku ngapi? Ni siku tatu: 10, 11 na 12. Lakini ukitoa 10 katika 12 unapata mbili. Kutoa peke yake huiacha nje siku ya kwanza ya kazi. Kwa hiyo unatoa, kisha unaongeza moja. Kutoka tarehe 10 hadi 31 ni siku 22, wala siyo 21.

Katika siku hizo 22 kuna Jumapili tatu: tarehe 13, 20 na 27. Toa tatu, zinabaki 19. Toa siku ya Krismasi, zinabaki 18. Siku 18 mara sh. 9,000/= ni sh. 162,000/=.

Sasa tazama tarehe 26 Desemba. Hiyo ni siku ya mapumziko ya taifa, lakini duka limefunguliwa na dada huyu yuko kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kuwa anayefanya kazi siku ya mapumziko ya taifa alipwe mara mbili ya malipo yake ya kawaida. Kwa hiyo tarehe 26 anastahili sh. 18,000/=. Tumekwisha hesabu sh. 9,000/= za siku hiyo. Tunaongeza sh. 9,000/= nyingine. Jumla sasa ni sh. 171,000/=.

Bado kuna saa za ziada. Sheria hiyo inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa juma, wala siku za kazi zisizidi sita kwa juma. Dada huyu anafanya kazi saa 7 na nusu kwa siku. Kwa siku sita ni saa 45 kamili. Lakini kuanzia tarehe 21 hadi 24 wateja ni wengi mno. Mwenye duka anamwomba abaki mpaka saa 1 na nusu usiku. Hizo ni saa 3 za ziada kila siku. Siku ni nne: 21, 22, 23 na 24. Saa 3 mara 4 ni saa 12.

Saa moja ya kawaida ni shilingi ngapi? Gawanya sh. 9,000/= kwa saa 7 na nusu. Jibu ni sh. 1,200/=. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Nusu ya 1,200 ni 600. Kwa hiyo saa ya ziada ni sh. 1,800/=. Saa 12 mara sh. 1,800/= ni sh. 21,600/=.

Jumlisha: sh. 171,000/= na sh. 21,600/= ni sh. 192,600/=. Hiyo ndiyo haki yake yote.

Sasa tuseme hakuna karatasi. Mwenye duka anatoa 10 katika 31, anapata 21. Anatoa Jumapili tatu na Krismasi, anapata 17. Anasema, "Siku 17 mara elfu tisa ni sh. 153,000/=. Zile saa za jioni ni kusaidiana tu, kwani ni sikukuu." Anamhesabia fedha mkononi. Huenda hana nia mbaya. Lakini tofauti ni sh. 39,600/=. Hayo ni malipo ya zaidi ya siku nne. Dada huyu amesimama siku nne dukani bila malipo, na pengine hajui.

Tena, usipokee bei ya siku kabla ya kutoa gharama zako. Mtu wa Ulaya anayekwenda kuuza Mikumi au Kilosa ana nauli na chakula cha mchana. Kama nauli ya kwenda na kurudi na chakula ni sh. 4,000/=, basi sh. 9,000/= kwake ni sh. 5,000/=. Akitoka usiku, pengine hapati gari, na lazima atafute pa kulala. Hayo ayaulize mapema: nani atalipa nauli, na akichelewa atalala wapi? Aulize pia kwa Ofisa Kazi kima cha chini cha mshahara wa kazi za biashara kwa mwaka huo, maana bei ya siku haitakiwi kuwa chini ya hicho.

Mali ikipotea

Jambo la pili linaloharibu kazi za sikukuu ni upotevu wa mali, ambao wauzaji wengi huuita shoti. Siku ya mwisho mwenye duka huhesabu nguo, huona zimepungua, na hukata fedha za mwuzaji mgeni. Mara nyingine hukata zote.

Sheria hairuhusu kukata hivyo tu. Mwenye duka anaweza kukata fedha za mali iliyopotea kama mwuzaji mwenyewe amekubali deni hilo kwa maandishi. Tena lazima upotevu uwe umetokea kazini kwa kosa la mwuzaji. Lazima mwenye duka awe amemwandikia sababu ya deni, kiasi chake, na jinsi lilivyohesabiwa. Lazima mwuzaji apewe nafasi ya kulipinga. Kiasi kisizidi hasara ya kweli. Na jumla ya makato hayo isizidi robo ya malipo yake ya fedha. Katika mfano wetu, robo ya sh. 192,600/= ni sh. 48,150/=. Kukata zote ni kuvunja sheria.

Lakini sheria peke yake haitamsaidia mwuzaji ambaye hakuhesabu alichokabidhiwa. Tuseme amepewa meza ya magauni ya watoto. Aliambiwa yapo 60, akakubali kwa kichwa. Siku ya mwisho yaliyouzwa ni 41. Yangepaswa kubaki 19, lakini yamebaki 17. Mawili hayapo. Je, yaliibwa? Je, yalichukuliwa na mtu wa nyumbani mwa mwenye duka? Au yalikuwa 58 tangu mwanzo? Hakuna awezaye kujua.

Dawa yake ni ndogo. Siku ya kwanza, kabla ya kuuza hata kitu kimoja, hesabuni pamoja na mwenye duka, mwandike idadi, na wote wawili mtie sahihi. Kila jioni andika zilizouzwa na zilizobaki. Kama gauni moja linakosekana, litajulikana jioni ile ile, wakati kila mtu bado anakumbuka nani aliingia na nani alitoka. Na kama meza moja inauzwa na watu watatu, iandikwe hivyo. Mtu mmoja asibebeshwe shoti ya watatu.

Karatasi yenyewe

Karatasi hii siyo kitu cha kuogopesha. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha. Unaweza kuandikwa hivi:

MAPATANO YA KAZI YA MUDA
Mwenye duka: ..............
Mwuzaji: ..............
Mahali pa kazi: ..............
Kazi: kuuza nguo na kupanga meza
Kuanza: tarehe 10 Desemba. Kumaliza: tarehe 31 Desemba
Siku zisizo za kazi: Jumapili na tarehe 25
Jumla ya siku za kazi: 18
Saa: 2.00 asubuhi hadi 10.30 jioni, mapumziko saa moja
Malipo ya siku: sh. 9,000/=
Saa ya ziada: sh. 1,800/=
Tarehe 26 Desemba: sh. 18,000/=
Siku ya kulipwa: kila Jumamosi jioni, na malipo ya mwisho tarehe 31
Mali iliyokabidhiwa: imeandikwa nyuma ya karatasi hii
Sahihi: .............. na ..............

Andikeni nakala mbili. Moja abaki nayo mwenye duka, nyingine uende nayo wewe.

Angalia ule mstari wa siku ya kulipwa. Mimi naona ni mstari wenye nguvu kuliko yote. Mtu anayelipwa kila Jumamosi, akidhulumiwa, amepoteza fedha za juma moja. Anayengoja mpaka siku ya mwisho anaweza kupoteza za majuma matatu, na wakati huo duka halimhitaji tena. Malipo yakija kwa simu, usifute ule ujumbe. Ni ushahidi wa tarehe na kiasi.

Pamoja na karatasi hiyo, uwe na daftari lako dogo. Kila siku ukitoka kazini andika tarehe, saa uliyoingia na saa uliyotoka. Ni kazi ya dakika moja. Siku za majaribio nazo uziandike. Wengine huambiwa, "Njoo siku tatu tukuone kwanza," kisha siku hizo hazihesabiwi. Siku uliyouza ni siku ya kazi.

Je, kuomba maandishi ni kukosa adabu?

Najua watakaosema, "Nitamwambiaje mjomba wangu anitilie sahihi? Ataona simwamini." Hofu hiyo ni ya kweli, na ndiyo inayowanyamazisha wengi. Lakini neno likisemwa kwa heshima halimvunjii mtu heshima. Mtu anaweza kusema hivi:

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuanza kazi?"

"Ndiyo, mjomba, na ninashukuru. Nimeandika tarehe na saa ulizoniambia, nisije nikasahau. Naomba uzitazame kama nimeandika sawa, kisha tutie sahihi."

Hapo hujamwita mtu mwizi. Umemwomba asahihishe. Kama kuna jambo mlilolielewa tofauti, litaonekana siku ya kwanza, wala si siku ya mwisho. Undugu unaovunjwa na fedha huvunjika siku ya malipo, pale kila mmoja anapokumbuka lake.

Tena karatasi inamfaa mwenye duka pia. Anajua tangu mwanzo kwamba mwuzaji huyu atamgharimu sh. 192,600/=, na akitaka wawili, anajua atahitaji sh. 385,200/=. Anajua mwuzaji hataondoka tarehe 20 kwenda shambani, wakati wateja wamejaa. Na meza yake ya nguo imehesabiwa.

Hata hivyo, maandishi siyo hisani ya mwenye duka. Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi anapoanza: kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, muda, mahali, saa na malipo. Na kama mfanyakazi hayaelewi maandishi, mwajiri lazima ahakikishe anaelezwa kwa njia atakayoielewa. Ikitokea shauri, na mwajiri hana maandishi ya kuonyesha, ni juu yake kuthibitisha jinsi walivyopatana. Anayefanya kazi chini ya siku sita kwa mwezi kwa mwajiri mmoja, sheria hailazimishi apewe maandishi hayo. Mtu huyo ana haja zaidi ya daftari lake mwenyewe.

Mkishindwa kuelewana

Kama mwenye duka amekataa kulipa, jambo la kwanza ni kumwonyesha karatasi na daftari, mhesabu upya pamoja, mstari kwa mstari. Makosa mengi ya hesabu huishia hapo. Yasipoisha, kuna Ofisa Kazi, na kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ina ofisi Morogoro. Madai ya malipo hupelekwa kwenye Tume katika muda wa siku 60. Usingoje mpaka mavuno.

Lakini tuseme kweli. Kutoka Mikumi au Kilosa kwenda Morogoro ni nauli, na mtu anaweza kurudi huko zaidi ya mara moja. Anayedai sh. 39,600/= atafikiri mara mbili. Mwenye duka naye anajua hivyo. Ndiyo maana nasema nguvu ya mwuzaji wa sikukuu haiko mwisho wa kazi. Iko asubuhi ya siku ya kwanza, wakati duka linamhitaji, nguo bado hazijapangwa, na ukurasa wa daftari bado ni mweupe. Asubuhi hiyo ndipo pa kuandika.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Mtu amefanya kazi kuanzia tarehe 15 hadi tarehe 24 Desemba bila kupumzika hata siku moja. Je, ni siku ngapi? Je, sheria inasema nini juu ya siku za kazi katika juma?

2. Malipo ya siku ni sh. 7,500/= kwa saa 7 na nusu. Saa moja ya kawaida ni shilingi ngapi? Saa moja ya ziada je?

3. Mwuzaji alikabidhiwa jozi 35 za viatu. Ameuza jozi 22. Zimebaki jozi 12. Ni ngapi hazipo? Mngefanya nini kujua zimekwenda wapi?

4. Andika mapatano ya kazi ya duka wakati wa Idi. Utaandikaje tarehe ya mwisho?